Gumba Juu ya Kioo: Vidhibiti vya Mguso katika Gemu za Majukwaa

Gemu ya majukwaa inamtaka mchezaji afanye mambo mawili kwa wakati mmoja. Mkono wa kushoto unashikilia mwelekeo, kwenda kushoto au kulia, na mkono wa kulia unaamua lini mhusika aruke. Aina hii ya gemu ilikulia kwenye padi zenye vitufe vya plastiki. Kitufe cha msalaba kilichobuniwa na Gunpei Yokoi wa Nintendo kilionekana mwaka 1982 kwenye kifaa cha mkononi cha Donkey Kong, kisha kikaingia kwenye padi ya Famicom mwaka 1983. Gumba lililolala juu ya msalaba ule lilihisi kingo zake, lilijua katikati ni wapi, na lilipotaka kugeuka liliegemea tu upande wa pili bila kuinuka. Macho yalibaki kwenye mchezo.

Kioo cha simu hakina kingo. Gumba likisogea milimita 5 kutoka mahali pake, hakuna kinacholiambia kwamba limesogea, na mchezaji hutambua pale tu mhusika anapotumbukia shimoni. Kwa hiyo swali la kubuni vidhibiti vya mguso halianzi na mchoro wa kitufe wala rangi yake. Linaanza na gumba lenyewe: linafika wapi, linasogea kwa njia gani, na linahama kiasi gani wakati mwenyewe hatazami. Kidhibiti kinachofaa ni kile kinacholifuata gumba linapohama. Kisichofaa ni kile kinacholingoja mahali pamoja na kuliadhibu likichelewa kurudi.

Gumba linafika wapi

Vipimo vya vidhibiti hupangwa kwa milimita, si kwa pikseli, kwa sababu gumba halibadiliki skrini inapobadilika. Chukua mfano wa simu ya inchi 6.5 yenye skrini ya pikseli 1600 kwa 720. Mshazari wake una pikseli 1755 hivi, yaani takriban pikseli 270 kwa inchi, au 10.6 kwa milimita. Simu hiyo ikilazwa, skrini yake ina upana wa milimita 150 na kimo cha milimita 68. Simu nyingine ya ukubwa uleule inaweza kuwa na pikseli mara moja na nusu zaidi, na kitufe kilichopangwa kwa pikseli kingesinyaa humo hadi theluthi mbili za upana wake. Injini za gemu hutoa namna ya kuuliza idadi ya pikseli kwa inchi. Katika Godot ni `DisplayServer.screen_get_dpi()`. Jibu lake kwenye baadhi ya simu ni makadirio tu, kwa hiyo rula ikiwekwa juu ya kioo mara moja huondoa shaka.

Simu iliyolazwa hushikwa kwa mikono miwili. Vidole vinne vya kila mkono huenda nyuma, na magumba huja mbele kutoka pembe za chini. Shina la gumba, pale linapozungukia, liko nje ya skrini karibu na pembe. Kutoka hapo gumba la kushoto huelekea juu kulia, na la kulia huelekea juu kushoto. Eneo linalofikika kwa raha lina umbo la utepe uliopinda kuizunguka pembe. Upande wa ndani wa utepe huo, karibu kabisa na pembe, gumba hulazimika kujikunja na kukosa nguvu. Nje yake gumba hunyooka mpaka mwisho, na mkono huanza kuilegeza simu.

Mipaka ya utepe hutofautiana kati ya mkono na mkono, lakini kuipata si kazi. Mtu hupewa simu yenye programu ya kuchora, huishika kama anavyoshika akicheza, kisha hupangusa gumba huku na huku bila kubadili mshiko. Wino unaobaki kwenye skrini ndio ramani. Mikono ya watu wanne au watano wenye vimo tofauti, akiwemo mtoto ikiwa gemu ni ya watoto, hutoa ramani zinazopishana, na vidhibiti huwekwa pale zinapokutana zote. Katika mfano wetu tuchukue kwamba zimekutana kati ya milimita 15 na 40 kutoka ukingo wa pembeni, na kati ya milimita 12 na 35 kutoka ukingo wa chini. Vidhibiti vyote vya kushoto vitakaa ndani ya mstatili huo, na vya kulia ndani ya mwenzake.

Ramani hiyo inaonyesha jambo jingine ambalo wabunifu wengi hulisahau: gumba halisogei kwa mstari ulionyooka. Gumba la kushoto linalozunguka kwenye shina lake huchora mkunjo unaotoka juu kushoto na kushuka kulia. Mchezaji anayedhani amelisukuma gumba kulia tu, mara nyingi amelisukuma kulia na chini. Kama gemu ina amri ya kuchutama au kushuka ngazi, mhusika atachutama katikati ya mbio bila kuamriwa. Dawa yake ni kuupa mlalo sehemu kubwa ya duara kuliko wima. Msogeo wowote ulioinama hadi nyuzi 60 kutoka mlalo uhesabiwe kuwa wa kulia au wa kushoto, na juu au chini zikubaliwe pale tu gumba linapokaribia wima. Ikiwa gemu haina ngazi wala kuchutama, wima usisomwe kabisa.

Jostiki na kitovu chake

Jostiki ya kwenye skrini ni duara lenye kitovu na mpini unaoburutwa. Wengi huiweka kwa mazoea, kwa kuwa gemu za kutembea pande zote huihitaji. Gemu ya majukwaa inauliza swali jepesi zaidi: kushoto au kulia. Mpini wenye uwezo wa kuelekea pande zote unaongeza makosa bila kuongeza kitu. Hata hivyo, kuichunguza jostiki kunafaa, kwa sababu kasoro zake ndizo zinazoonyesha kidhibiti bora kinahitaji nini.

Jostiki iliyowekwa mahali pamoja ina kitovu kisichohama na kuzunguka kitovu kuna eneo bubu, yaani duara dogo ambamo msogeo hauhesabiwi ili mtetemo wa kidole usimsogeze mhusika. Tuseme eneo bubu lina nusu kipenyo cha milimita 3. Mchezaji anakimbia kulia, amepandwa na joto la mchezo, na gumba limeteleza mpaka milimita 20 kutoka kitovuni. Mpini umegota zamani kwenye ukingo wa duara, lakini gumba haliujui ukingo huo. Ghafla adui anatokea na mchezaji anataka kugeuka. Gumba likirudi kwa kasi ya milimita 200 kwa sekunde, linatembea milimita 17 kabla ya kuingia eneo bubu, na muda wote huo, sekunde 0.085, mhusika bado anakimbilia kwa adui. Kisha linavuka milimita 6 za eneo bubu kabla ya amri ya kushoto kusikika. Jumla ni milimita 23 na sekunde 0.115, karibu fremu 7 kwa gemu inayokwenda fremu 60 kwa sekunde.

Uzito wa fremu hizo unaonekana ukizilinganisha na mwendo wa mhusika. Katika Celeste, gemu ya mwaka 2018 ambayo msimbo wa mhusika wake uliwekwa hadharani na waundaji wake, kasi ya kukimbia ni pikseli 90 kwa sekunde na kigae kimoja cha jukwaa kina pikseli 8. Mhusika wa kasi hiyo, katika zile sekunde 0.085, angesogea pikseli 7.65 upande asioutaka. Hicho ni karibu kigae kizima, na jukwaa jembamba lina vigae viwili au vitatu tu.

Hatua ya kwanza ya kuponya ni jostiki inayoelea. Kitovu hakichorwi mahali pamoja, bali huzaliwa popote gumba linapotua katika nusu ya kushoto ya skrini. Hii huondoa kosa la kutua pembeni, lakini haigusi kosa la kuteleza. Gumba likishatua linaweza kuhama milimita 20 kama kawaida, na safari ya kurudi ni ileile.

Hatua ya pili ndiyo inayobadili hali: kitovu kinachofuata. Kitovu hufungwa kwenye gumba kama mbuzi kwenye kamba. Gumba likisogea zaidi ya urefu wa kamba, kitovu huvutwa nyuma yake. Kamba ikiwa ya milimita 6 na eneo bubu la milimita 2, gumba haliwi kamwe mbali na kitovu zaidi ya milimita 6, hata likiteleza nusu ya skrini. Kugeuka kunahitaji milimita 8 tu: 6 za kurudi kitovuni na 2 za kuvuka upande wa pili. Kwa kasi ileile ya gumba hiyo ni sekunde 0.04, na mhusika wa mfano wetu huendelea pikseli 3.6, chini ya nusu kigae. Safari imepungua karibu mara tatu, na mchezaji hahitaji kujua kwamba kuna kamba.

Kamba haipaswi kuwa fupi mno. Ikiwa ya milimita 2 au 3, gumba linapojinyoosha kidogo tu au mkono unapotetemeka kwa kushika simu, mhusika hugeuka bila kuamriwa. Dalili yake ni mhusika anayepindapinda uso kushoto na kulia huku mchezaji akiapa kwamba hakusogeza kidole. Ikirefuka kupita milimita 10, malalamiko huwa ya upande mwingine: gemu ni nzito, haigeuki. Kati ya milimita 5 na 8 ndipo pa kuanzia majaribio.

Mishale miwili

Njia nyingine ni kuchora mishale miwili, wa kushoto na wa kulia, kila mmoja na eneo lake la mguso. Faida yake hudhihirika mara ya kwanza gumba linapotua. Jostiki inayoelea haijui mchezaji anataka upande gani mpaka gumba liburutwe, kwa hiyo mchezaji anayetaka kusogea hatua moja ndogo kwa kugonga tu hapati kitu. Mishale hujibu papo hapo. Hasara yake ni ule mpaka usiohisika kati ya mshale na mshale. Gumba linalohama polepole huuvuka bila kukusudia.

Njia hizi mbili huonekana kama wapinzani, lakini kila moja ina kile ambacho nyingine inakikosa, na zinaweza kuunganishwa. Gumba linapotua, mahali lilipotua kulingana na mpaka wa mishale huamua mwelekeo wa kwanza mara moja. Wakati huohuo kitovu huwekwa milimita 6 nyuma ya gumba, upande wa pili wa mwelekeo huo, kana kwamba kamba tayari imenyooka. Kuanzia hapo gumba likiburutwa, kanuni ya kitovu kinachofuata ndiyo inayotawala. Mchezaji anaona mishale miwili. Mkono wake unapata jostiki.

Katika Godot, kiini cha kidhibiti hicho ni mistari michache. Thamani za `masafa` na `bubu` ni milimita 6 na 2 zilizogeuzwa kuwa pikseli, yaani 64 na 21 kwenye simu ya mfano; `nusu` ni katikati ya skrini, na `mpaka` ni ule mpaka wa mishale.

```gdscript
var kidole := -1
var kitovu := 0.0
var mwelekeo := 0

func _input(e):
    if e is InputEventScreenTouch:
        if e.pressed and e.position.x < nusu:
            kidole = e.index
            mwelekeo = 1 if e.position.x > mpaka else -1
            kitovu = e.position.x - mwelekeo * masafa
        elif not e.pressed and e.index == kidole:
            kidole = -1
            mwelekeo = 0
    elif e is InputEventScreenDrag and e.index == kidole:
        var dx = e.position.x - kitovu
        if abs(dx) > bubu:
            mwelekeo = int(sign(dx))
        if abs(dx) > masafa:
            kitovu = e.position.x - sign(dx) * masafa
```

Mambo matatu katika msimbo huu yanahitaji maelezo. La kwanza ni kwamba ndani ya eneo bubu mwelekeo haufutwi, bali ule wa awali unabaki. Kusimama ni kwa kuinua gumba tu. Kwenye padi ya plastiki, katikati ya msalaba ni mahali panapohisika. Kwenye kioo hapahisiki, na kumtaka mchezaji apatafute ili asimame ni kumpa kazi isiyowezekana.

La pili ni `index`. Kila kidole kilichopo kwenye skrini kina namba yake, na kidhibiti lazima kimtambue mwenye mguso kwa namba hiyo hadi atakapoinuka. Msimbo unaouliza tu kama kuna mguso upande wa kushoto huchanganyikiwa gumba la kulia linapoinuka: ama mhusika husimama ghafla kila anapomaliza kuruka, ama huendelea kukimbia peke yake. Kosa hili haliwezi kuonekana kwenye kompyuta ambako kuna kipanya kimoja. Huonekana kwenye simu halisi, na kwa mikono miwili.

La tatu ni kuondoka kwa ghafla. Simu ikiita katikati ya mchezo, mguso unaweza kukatwa bila taarifa ya kuinuka kufika kwenye gemu, na mchezaji akirudi anamkuta mhusika akikimbia bila kidole kuwepo. Gemu inapopoteza skrini, ambapo Godot hutoa `NOTIFICATION_APPLICATION_FOCUS_OUT`, `kidole` kirudishwe `-1` na `mwelekeo` urudishwe `0`.

Kinachobaki ni `mpaka`. Ukikaa mahali pamoja siku zote, mshiko wa mchezaji unaohama taratibu utaugeuza kuwa mtego. Hivyo mpaka huhamishwa hadi mahali kitovu kilipokuwa gumba lilipoinuka mara ya mwisho, ila usiruhusiwe kutoka nje ya eneo linalofikika kwa raha. Kwenye simu ya mfano, mpaka ukae kati ya milimita 20 na 35 kutoka ukingo wa kushoto, ili pande zake zote mbili zibaki na nafasi ya gumba. Mishale iliyochorwa nayo ihame pamoja nao, la sivyo macho na mkono vitaambiwa habari mbili tofauti.

Kitufe cha kuruka

Kwa mwelekeo, tatizo ni mahali. Kwa kuruka, tatizo ni wakati. Ukubwa wa kitufe huingia hapa kwa sababu mguso uliokosa ni mruko uliopotea.

Miongozo ya Android inataka kila kitu cha kuguswa kiwe na angalau dp 48 kila upande, na ya Apple inataka nukta 44. Kipimo cha dp ni sehemu moja ya 160 ya inchi, kwa hiyo dp 48 ni kama milimita 7.6. Utafiti wa Parhi, Karlson na Bederson wa mwaka 2006, uliowapima watu wakitumia gumba la mkono mmoja kwenye skrini ndogo, ulipendekeza milimita 9.2 kwa mguso mmoja mmoja na milimita 9.6 kwa miguso ya kufuatana. Vipimo hivi vyote vinamhusu mtu anayekitazama anachokigusa. Mchezaji wa gemu ya majukwaa hakitazami kitufe. Anamtazama mhusika na shimo lililo mbele yake. Kwa sababu hiyo milimita 9 ni sakafu tu.

Njia ya kutoka ni kutenganisha kitufe kinachoonekana na eneo linalosikia. Kitufe kinachochorwa kinaweza kuwa na kipenyo cha milimita 14, ambazo ni pikseli 149 kwenye simu ya mfano, na hicho kinatosha kumwonyesha mchezaji pa kuweka gumba. Eneo linalosikia huweza kuwa nusu yote ya kulia ya skrini. Gemu yenye amri ya kuruka pekee upande wa kulia haina sababu ya kuupuuza mguso wowote uliotua upande huo, isipokuwa juu ya kitufe cha kusitisha mchezo.

Amri ya pili ikiwepo, tuseme kushambulia, nusu hiyo hugawanywa. Kitufe cha kuruka hukaa pale gumba linapopumzika, na cha kushambulia huwekwa kwenye mkunjo wa gumba la kulia, ambao hutoka juu kulia na kushuka kushoto. Kikiwekwa juu moja kwa moja au pembeni moja kwa moja, gumba hulazimika kujinyoosha na kuzunguka kwa pamoja, na hapo ndipo linapokosea. Umbali wa milimita 18 kati ya vitovu vya vitufe viwili vya milimita 14 huacha pengo la milimita 4. Pengo hilo lisiwe ardhi isiyo na mwenyewe: kila mguso upewe kitufe ambacho kitovu chake kiko karibu zaidi nao. Hivyo hakuna mguso unaopotea, na mpaka wa kweli unakuwa mstari ulio sawasawa kati ya vitufe viwili.

Amri ya tatu ya kushikilia, kama ile ya kukimbia katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985, haihamii kwenye kioo. Kwenye padi, gumba moja lililala juu ya vitufe viwili, ncha yake ikishikilia mbio na sehemu ya nyuma ikibonyeza kuruka. Kwenye kioo gumba lililolala husomeka kwa kawaida kama mguso mmoja, na kitufe kimoja hukosa zamu yake. Ni afadhali mhusika akimbie mwenyewe baada ya kutembea kwa muda mfupi.

Mruko uanze gumba linapogusa, kamwe usingoje liinuke. Vitufe vya kawaida vya programu hungoja kuinuliwa ili mtu aweze kughairi, na mbunifu anayevitumia bila kubadili mpangilio huo huongeza ucheleweshaji kwa kila mruko. Kuinuka kwa gumba kuna kazi nyingine: gemu nyingi hukata kasi ya kupanda ya mhusika pale kitufe kinapoachwa, ili kugonga kwa haraka kuzae mruko mfupi na kushikilia kuzae mrefu. Hapo ndipo hujificha kosa la kawaida. Gumba lililobonyeza huteleza milimita chache nje ya duara, programu inadhani kitufe kimeachwa, na mhusika anashuka kabla ya kufika jukwaani. Mguso ulioanzia kwenye kitufe ni wa kitufe hicho mpaka gumba liinuke kwenye kioo, popote litakapokuwa limetelezea.

Hata hivyo, wakati wenyewe unabaki kuwa mgumu zaidi kwenye kioo kuliko kwenye plastiki. Kitufe cha plastiki huanza kuhisiwa kabla hakijabonyea. Kioo hakitoi onyo, na skrini ya mguso yenyewe huongeza ucheleweshaji kidogo. Gemu nyingi za majukwaa humpa mchezaji hisani mbili. Ya kwanza ni muda mfupi baada ya kutoka ukingoni ambamo bado anaruhusiwa kuruka; katika msimbo wa Celeste muda huo ni sekunde 0.1, sawa na fremu 6. Ya pili ni kukumbuka mguso uliotangulia kidogo kabla miguu haijagusa chini, na kuutimiza inapogusa. Gemu inayohamishwa kutoka padi kwenda kwenye simu huhitaji kuzirefusha zote mbili, na sekunde 0.13 hadi 0.15 ni mahali pazuri pa kuanzia. Zikipita hapo sana, mhusika huonekana akirukia hewani, na mruko uliokumbukwa hutokea wakati mchezaji keshabadili nia.

Kingo na mikono inayofunika

Pembezoni mwa skrini si mali ya gemu peke yake. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, kupangusa kutoka ukingo wa kushoto au wa kulia huweza kuwa ishara ya kurudi nyuma, na gumba la mchezaji huanzia hapohapo. Programu inaweza kuomba sehemu ya ukingo iachwe, lakini kwa kawaida mfumo huheshimu ombi hilo kwa urefu usiozidi dp 200 kila upande, ambazo ni milimita 32 hivi. Kwa simu ya mfano yenye kimo cha milimita 68 huo ni karibu nusu ya ukingo, na inatosha ikiwa ombi litawekwa kwenye nusu ya chini yalipo magumba. Kuna pia tundu la kamera na pembe za mviringo. Mpaka wa eneo salama huulizwa kwa `DisplayServer.get_display_safe_area()`, na vidhibiti hupimwa kutoka mpaka huo badala ya ukingo wa kioo.

Tatizo jingine la ukingo ni nyama ya shina la gumba, ambayo hugusa kioo mtu anapoishika simu kwa nguvu. Mguso huo ukitangulia, unaweza kumilikishwa mwelekeo na gumba halisi likapuuzwa. Ndiyo maana msimbo uliotangulia humpa umiliki aliyetua mwisho. Nyongeza inayosaidia ni kutoisikia miguso inayoanzia katika milimita 3 au 4 za mwisho za ukingo wa pembeni.

Magumba hayagusi tu, pia yanafunika. Kwenye simu ya mfano kila gumba linaziba hadi milimita 40 za pembe yake, na kati ya milimita 150 za upana hubaki 70 za katikati zisizo na kizuizi upande wa chini. Mhusika akikimbilia kulia, mashimo na miiba hutokea chini ya gumba la kulia. Kuvififisha vitufe hakusaidii, kwa kuwa kinachoziba ni nyama. Suluhisho liko kwenye kamera: mstari wa ardhi upandishwe hadi juu ya magumba, na sehemu iliyo chini yake ijazwe udongo au mapambo yasiyo na hatari.

Pale vidhibiti vinapoondolewa

Baadhi ya wabunifu walipunguza amri badala ya kuzihamisha. Canabalt ya mwaka 2009 ilimfanya mhusika akimbie mwenyewe na kumwachia mchezaji mguso mmoja wa kuruka. Super Mario Run ya mwaka 2016 ilifuata njia hiyohiyo, huku simu ikisimamishwa na kushikwa kwa mkono mmoja. Limbo ilipofika kwenye simu za Apple mwaka 2013 ilibaki na mwendo huru lakini haikuchora kitufe hata kimoja. Mchezaji huburuta kidole kutembea na kupangusa juu kuruka. Njia ya mguso mmoja inalipiwa: ramani za kurudi nyuma, kutafuta na kusubiri hazichezeki tena, na kila hatua lazima ijengwe upya kwa mwendo wa kwenda mbele. Njia ya kupangusa nayo inafaa gemu za taratibu zenye mafumbo. Mruko unaotaka usahihi wa fremu chache hauwezi kungoja programu itambue kama kidole kinapangusa au kinaburuta.

Kupima kwa miguso iliyorekodiwa

Mchezaji akiulizwa kwa nini alianguka, husema alibonyeza. Mara nyingi ni kweli, na ushahidi hupatikana kwa kurekodi. Gemu ya majaribio huandika kila mguso: mahali ulipoanzia, mahali ulipoishia, muda wake, na kitufe ulichopewa. Baada ya robo saa ya mchezo nukta za kuanzia huchorwa juu ya picha ya skrini.

Wingu la nukta za kuruka likiwa limekaa pembeni ya duara lililochorwa, duara ndilo lililokosea mahali. Lihamishwe hadi katikati ya wingu. Wingu likirefuka taratibu kuelekea upande mmoja kadiri muda unavyokwenda, mkono umechoka na kitufe kimewekwa mbali kidogo. Mistari ya gumba la kushoto ikiwa mirefu kuliko kamba mara nyingi, kitovu kinachofuata kinafanya kazi yake. Miguso ya kuruka inayofika ndani ya sekunde 0.2 baada ya mhusika kutoka ukingoni, na ambayo haikuzaa mruko, huonyesha kwamba muda wa hisani ni mfupi. Mruko uliokatwa mapema huku mguso ukionekana kuishia nje ya duara huonyesha kwamba umiliki wa mguso haujatekelezwa sawasawa.

Baada ya marekebisho hayo bado hubaki tofauti za watu ambazo wastani hauwezi kuzimaliza: mtoto wa miaka 8, mtu anayependa kuruka kwa mkono wa kushoto, mwenye simu pana kuliko kawaida. Kwa hao, mipangilio iruhusu kuhamisha vitufe, kubadilisha pande na kurekebisha ukubwa, kwa kuburuta vidhibiti vyenyewe juu ya mandhari ya mchezo. Nafasi waliyoichagua ihifadhiwe kwa milimita kutoka pembe iliyo karibu, ili gemu ikifunguliwa kwenye simu nyingine, kitufe kiwe palepale gumba linapofika.